Jumamosi Moto, Jumatatu Baridi

“Napenda kampani yako.” Mtu aliyeachana vibaya na mwenzake miezi michache iliyopita anakuandikia hivyo Jumamosi usiku, baada ya nyinyi wawili kushinda pamoja mchana kutwa. Jumapili unamsalimia, anajibu “poa”. Jumatatu unaandika tena, jibu linakuja jioni kwa neno moja. Jumanne meseji yako ina tiki za bluu na hakuna kitu. Ijumaa simu inaita, ni yeye, sauti imechangamka: “Mbona umenitupa hivyo?” Na wewe ndiye uliyekuwa unaandika.

Wanaokuzunguka watakuwa na majibu tayari. Mmoja atasema unachezewa. Mwingine atasema anakupenda ila anaogopa. Wa tatu, mara nyingi mwenye umri kidogo, atasema aliyetoka kuachwa haguswi mpaka mwaka upite. Yeyote kati yao anaweza kuwa amepatia, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu ukimya wa siku nne unaotokana na hofu hauna tofauti kwa macho na ukimya wa siku nne unaotokana na majonzi, wala na ule wa mtu asiyekutaka. Ukiukodolea macho ukimya wenyewe hutaambulia kitu. Kinachosomeka ni kile kilichotokea kabla yake na namna mtu alivyorudi.

Nitatumia mfano, nilioutunga kwa kuunganisha mambo ambayo watu husimuliana kila siku. Mwanamume ana miaka 34, ni mhasibu wa kampuni ya usafirishaji mjini Morogoro. Mwanamke ana miaka 31, anafundisha sekondari. Wanaimba kwaya moja. Mwalimu alikuwa na mchumba kwa miaka minne. Mahari ilishapokelewa, kamati ya harusi ilishakaa vikao viwili, na mchumba akavunja uchumba kwa simu. Haukupita muda ikajulikana kwamba ana mwanamke mwingine. Sasa ni miezi minne tangu siku hiyo, na Mwalimu na mhasibu wamezoea kutoka pamoja baada ya mazoezi ya kwaya.

Wiki ya kwanza ya mfano wetu ndiyo ile ya Jumamosi. Walikwenda kula samaki, wakakaa mpaka meza zikaanza kufutwa, na Mwalimu akasimulia kisa chote kwa mara ya kwanza, pamoja na mambo ambayo hata mama yake hakuyajua. Alilia kidogo, akacheka sana. Usiku akaandika kwamba anapenda kampani ya mhasibu. Kisha siku nne za “poa” na “niko bize”.

Wiki ya pili na ya tatu hazikuwa na neno. Walionana kwenye mazoezi, Mwalimu akamtumia sauti za kuchekesha kuhusu wanafunzi wake, wakaenda sokoni kumtafutia mhasibu shati la sherehe ya ofisini. Hakuna joto kubwa, hakuna baridi. Wiki ya nne, bila dalili, Mwalimu akapotea siku tano. Aliporudi akasema, “Samahani, kulikuwa na mambo ya nyumbani.” Siku nyingine, katikati ya mazungumzo mengine, ikamtoka kwamba wiki ile wazee wa pande mbili walikutana kuzungumzia kurudishwa kwa mahari, na yeye aliitwa kujibu maswali. Wiki ya sita mhasibu akasema, kama utani, “Desemba twende wote Kilosa, mama akuone.” Mwalimu akacheka, akabadili mada, akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu akapiga mwenyewe: “Lile la Kilosa lilinishtua. Sijakasirika, lilinishtua tu.”

Mtu akizihesabu siku za ukimya atasema Mwalimu haeleweki. Akizipanga pamoja na yaliyozitangulia, Mwalimu anaeleweka vizuri sana. Baridi imekuja mara tatu: mara moja baada ya kufungua moyo kupita kiasi alichozoea, mara moja jambo la mchumba wa zamani liliporudi mezani, na mara moja yalipotajwa ya mbele. Katika wiki za kawaida, ambapo hakuna kilichomgusa, hakupotea hata siku moja. Na kila aliporudi alirudi na maelezo zaidi kuliko mara iliyopita: kwanza kwa mzaha uliogeuza mambo, kisha kwa samahani, kisha kwa kusema waziwazi kilichomfukuza. Mtu asiyekutaka haendi hivyo. Ukimya wake hauna uhusiano na ukaribu wala na kumbukumbu, una uhusiano na ratiba yake.

Kwa nini ukaribu wenyewe umfukuze mtu anayesema anaupenda? Jibu moja zuri lina mizizi karibu na sisi. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda mwaka 1954, akawa anatembelea familia 26 za vijiji vilivyo karibu na Kampala, akitazama jinsi watoto wachanga wanavyoshikamana na mama zao: nani analia mama akitoka, nani anatulia mama akirudi. Baadaye, akiwa Baltimore nchini Marekani, aliendelea na kazi hiyo ndani ya chumba maalumu. Mama alitoka kwa dakika chache, akarudi, na mtafiti akaangalia mtoto anafanya nini mama anapoingia. Watoto wengi walimkimbilia mama wakatulia. Wengine walijifanya hawamwoni. Na lilikuwepo kundi dogo lililofanya vitu viwili kwa wakati mmoja: mtoto analilia kubebwa, na akibebwa anamsukuma mama kwa mikono yote miwili.

Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver waliandika kwamba mapenzi ya watu wazima yanafuata njia hizohizo za kushikamana. Wengi walioendeleza kazi hiyo wanakubaliana juu ya jambo moja linalotuhusu hapa. Kumkaribia mtu ni sehemu ya mwili na akili inayotafuta usalama, na mtu ambaye mara ya mwisho alipata jeraha mahali palepale alipotafutia usalama, ukaribu unamwashia mambo mawili kwa pamoja, hamu na tahadhari. Waswahili walilijua hili bila maabara: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwalimu hakumkimbia mhasibu. Aliukimbia usiku ambao alijikuta ameshasema kila kitu kwa mtu mwingine tena, kama alivyowahi kusema kwa yule wa kwanza.

Naomba msomaji asichukue maneno haya akaenda kumpachika mwenzake jina la ugonjwa. Tabia ya mtu mzima baada ya kuachwa haitoshi kukuambia alilelewaje. Wapo watu watulivu kabisa ambao kwa miezi sita baada ya kuvunjika kwa uchumba hawajitambui, kisha wanarudi walivyokuwa.

Sababu ya pili ya baridi ni majonzi yenyewe, na hapa watu wengi wanakosea kwa kudhani kwamba kupona ni kama ngazi, kila siku unapanda kimo. Mwaka 1999 Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti wa Uholanzi, walitoa maelezo mengine kuhusu wajane na wagane. Waliona kwamba aliyefiwa huenda na kurudi kati ya kazi mbili. Kuna saa anaugeukia msiba: anakumbuka, analia, anatazama picha. Kuna saa anaugeukia uhai unaoendelea: anajifunza kupika au kulipia bili zilizokuwa kazi ya mwenzake, anatafuta marafiki wapya, anacheka. Hakuna saa iliyo ya kweli kuliko nyingine, na huko kwenda na kurudi ndiko kupona kwenyewe. Maelezo hayo yaliandikwa kwa ajili ya waliofiwa, lakini mtu yeyote aliyekaa karibu na aliyeachwa atayatambua mara moja.

Ukiyachukua hayo, “napenda kampani yako” inapata maana yake halisi. Kampani yako iko upande wa uhai unaoendelea. Jumamosi ile Mwalimu alikuwa upande huo kwa moyo wote, na maneno aliyoandika yalikuwa kweli tupu. Jumatatu aliamka yuko upande wa pili, ambako mhasibu hana nafasi, kwa kuwa huko kuna mtu mwingine na miaka minne iliyoharibika. Baridi ya Jumatatu haikuifuta kauli ya Jumamosi. Lakini tuseme ukweli wote: kauli ya Jumamosi ilihusu Jumamosi. Aliyesema anapenda kukaa na wewe amekuambia jinsi anavyojisikia mkiwa pamoja. Hajakuambia anataka muwe nini. Wanaoumia sana katika jambo hili ni wale walioipokea sentensi hiyo kama ahadi, wakaanza kudai malipo ya ahadi ambayo haikuwahi kutolewa.

Na kuna wakati hata mwenyewe hajui anataka nini. Erica Slotter na wenzake walichapisha mwaka 2010 utafiti ulioonyesha kwamba baada ya uhusiano kuvunjika watu hupoteza uwazi kuhusu wao wenyewe ni nani, na kupotea kwa uwazi huo kunaendana na maumivu wanayoyasikia. Miaka minne Mwalimu alikuwa mke mtarajiwa wa fulani. Mipango yake ya kuhama kituo cha kazi, ya watoto, hata ya aina ya nyumba, ilikuwa ya watu wawili. Mtu huyo akijibu “sijui ninachotaka”, yawezekana kabisa hakuzungushi. Anakupa taarifa sahihi ya hali ilivyo.

Jambo moja huongeza baridi kuliko mengine, nalo ni mawasiliano na yule wa zamani. David Sbarra na Robert Emery waliwafuatilia vijana waliokuwa wametoka kuachana na wapenzi wao, kila siku kwa wiki nne, wakiwauliza wanajisikiaje. Mapenzi na huzuni vilikuwa vinashuka kadiri siku zinavyokwenda, ila kwa waliokuwa wakiendelea kuwasiliana na mpenzi wa zamani vilishuka polepole zaidi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2005, kabla simu zetu hazijajaa picha za kila mtu. Leo mawasiliano hayahitaji hata salamu. Mtu anafungua stetasi ya WhatsApp asubuhi, anaona yule wa zamani yuko ufukweni na mpenzi mpya, na siku yake imeisha. Wenye watoto pamoja hawana hata namna ya kukwepa, kwa sababu ada ya shule lazima izungumzwe.

Kwa hiyo, kabla ya kujiuliza “ananipenda?”, ni busara kujiuliza kama ule mlango wa nyuma umefungwa. Kwa Waislamu swali hili lina sheria yake iliyo wazi: katika talaka rejea, mume anaweza kumrudia mkewe ndani ya eda bila ndoa mpya, na anayesubiri pembeni hana haki ya kuleta maneno ya posa muda huo. Nje ya sheria hiyo mpaka haujachorwa hivyo, na ndiyo maana watu wengi hujikuta wamejipanga foleni nyuma ya mtu ambaye hajaondoka. Dalili yake ni baridi inayoanza na kuisha bila uhusiano wowote na mambo yenu mawili. Mnakwenda vizuri, hamjagombana, hamjafunguliana moyo kupita kiasi, halafu anakatika kwa wiki. Na akirudi anarudi na joto kubwa mno, kama mtu aliyegombana mahali. Hali hiyo ikijirudia mara mbili, muulize moja kwa moja kama bado wanaongea. Si dharau kuuliza.

Sasa niseme juu ya aina ya baridi ambayo haihusiani na kupona hata kidogo, maana neno “nimeumizwa” linaweza kutumika kama pazia. Mtu wa namna hii anakuchangamkia pale anapopungukiwa: Jumamosi usiku marafiki zake wakiwa na mambo yao, siku aliyofokewa kazini, siku anapohitaji mtu wa kumpeleka mahali. Ukimtazama katika wiki za kawaida, zile ambazo kwa Mwalimu zilikuwa shwari, hayupo kabisa. Kipimo kizuri, nami nakiamini kuliko vingine vyote, ni siku ambayo wewe ndiye mwenye shida. Katika wiki ya tano ya mfano wetu mhasibu alilala na malaria. Mwalimu, ambaye siku chache kabla alikuwa amepotea kwa ajili ya yale ya mahari, alifika na uji kwenye chupa, akakaa nusu saa, akaondoka. Hakusema neno la mapenzi. Mtu aliyejaa majonzi bado ana uwezo wa kukujali, hata kama hana uwezo wa kukuahidi. Mtu anayekutumia hana hata huo wa kwanza, na ukimwambia unaumwa atakuandikia “pole” kisha aendelee na hadithi yake.

Kuna pia wale watakaokuambia kwamba hayo yote ni kazi bure, kwa kuwa mtu aliyetoka kuachwa hawezi kuanza jambo la maana. Claudia Brumbaugh na Chris Fraley walilichunguza dai hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, wakakuta walioingia kwenye uhusiano mpya mapema, kwa wastani, walikuwa na hali nzuri ya moyo na kujiamini zaidi kuliko waliobaki peke yao. Hilo halimaanishi kwamba uhusiano mpya ndio uliowaponya. Huenda waliokuwa na nguvu zaidi ndio walioweza kuanza upya. Linatosha tu kuonyesha kwamba kalenda peke yake haikuambii kitu. Miezi minne si mapema wala si kuchelewa.

Kinachokuambia kitu ni mwelekeo. Mtu anayepona hubadilika namna anavyopotea. Mwanzoni anakatika bila neno na anarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Baadaye anaomba radhi. Baadaye zaidi anaaga kabla: “Wiki hii sitakuwa sawa, ni wiki ambayo tungefunga ndoa. Nitakutafuta Jumapili.” Na Jumapili anakutafuta. Siku ukipokea meseji ya namna hiyo, ujue jambo kubwa limetokea, kubwa kuliko Jumamosi ya samaki. Amekuona kuwa mtu mwenye moyo unaoweza kuumia, si sehemu ya kupumzikia tu. Lakini ukitazama miezi mitatu nyuma ukakuta vipindi vya ukimya vina urefu uleule, maelezo ni yaleyale au hayapo, na kila mara ni wewe unayeanza, basi hiyo nayo imesomeka, hata kama Jumamosi zake ni tamu.

Na utamu wa Jumamosi hizo unahitaji kutiliwa shaka, kwa sababu inayokuhusu wewe na si yeye. Mwaka 2011 Erin Whitchurch, Timothy Wilson na Daniel Gilbert walichapisha jaribio lililofanywa na wanafunzi wa kike 47 wa Chuo Kikuu cha Virginia. Kila mmoja alionyeshwa kurasa za Facebook za wanaume, akaambiwa kwamba wanaume hao walishaziona kurasa za wasichana kadhaa na kuwapa alama. Baadhi waliambiwa wanaonyeshwa wanaume waliowapenda zaidi. Baadhi waliambiwa ni wale waliowapa alama za wastani. Kundi la tatu liliambiwa kwamba haijulikani, yaweza kuwa hawa au wale. Wasichana wa kundi la tatu ndio waliovutiwa zaidi na wanaume hao kuliko wote, hata kuliko wale waliohakikishiwa kwamba wanapendwa, na ndio waliokiri kuwafikiria mara nyingi zaidi.

Jaribio lilikuwa dogo na la muda mfupi, ila linaeleza jambo ambalo kila aliyekaa kwenye hali hii analijua usiku wa manane, simu ikiwa mkononi. Usipojua, unafikiria. Ukifikiria sana, unahisi kwamba hisia zako ni kubwa. Unaweza kufika mahali ukaamini umempata mtu wa maisha yako, kumbe sehemu kubwa ya moto huo inawashwa na kutokujua. Jiulize: je, katika zile wiki mbili za kawaida, za sokoni na shati, ulifurahi? Au ulikuwa unasubiri tu joto kubwa lirudi? Aliyefurahia wiki za kawaida anampenda mtu. Aliyeziona za kuchosha anapenda kusubiri.

Hii ndiyo sababu sishauri mtu kuchunguza saa ya mwisho mwenzake alipokuwa mtandaoni, nani amependa picha yake, au kuwatuma marafiki wakapeleleze. Upelelezi unaongeza vitu vya kufikiria na haupunguzi kutokujua hata kidogo. Soma yale aliyokuambia na aliyokutendea wewe. Yanatosha.

Yakishasomeka, inabaki kuuliza, na siku ya kuuliza ina uzito. Usiulize usiku wa joto, kwani atajibu kwa hisia za usiku huo na kesho yake hofu itamjia maradufu. Usiulize akiwa kimya, kwani ataona unamfuata huko alikojificha. Uliza siku ya kawaida, mkiwa njiani mnatoka mahali, uso kwa uso na si kwa meseji. Mhasibu angeweza kusema hivi: “Mwalimu, na mimi napenda kukaa na wewe, na sikuharakishi. Ila kwangu hili limeshapita urafiki. Ukinyamaza siku nne bila neno, naumia. Naomba mambo mawili: ukihitaji kuwa peke yako, uniambie tu, hata kwa sentensi moja. Na unieleze kwa kweli, ukinitazama mimi unaona rafiki, au unaona mtu ambaye siku moja anaweza kuwa zaidi ya hapo?”

Angalia alichoomba. Hakuomba tarehe, hakuomba ahadi, hakumtaja mchumba wa zamani kwa ubaya. Aliomba sentensi moja, ambayo hata mtu mwenye majonzi mazito anaweza kuiandika, na ukweli wa leo. Ombi dogo kama hilo lina faida ya kusomeka: akilitimiza utaona, na asipolitimiza utaona pia, bila kubishana juu ya nani anampenda nani.

Majibu huja kwa namna chache. Akisema “naona rafiki”, mwamini papo hapo. Usijiambie kwamba ni jeraha linalosema. Wapo waliopoteza miaka miwili wakisubiri jeraha lipone, na jeraha lilipopona mtu akaolewa na mwingine, maana jibu lilikuwa limeshatolewa tangu siku ya kwanza. Akisema “sitaki kukupoteza” bila kuongeza lolote, hajakujibu, na una haki ya kurudia swali lako kwa upole. Akisema “bado sijapona, na sijui lini, lakini nikikutazama naona kitu”, hilo ni jibu la mtu mkweli, na linakuachia wewe uamuzi.

Uamuzi huo usimkabidhi yeye. Majonzi hayana tarehe ya mwisho, na ukimwekea mtu muda wa kupona utampa mzigo mwingine juu ya ule alio nao. Maisha yako ndiyo yanayoweza kuwekewa muda. Mhasibu wa miaka 34 anayetaka familia anaweza kujipangia kimoyomoyo kwamba mpaka baada ya Pasaka ataendelea hivi: ataonana na Mwalimu mara moja kwa wiki badala ya kila siku, hatamtafuta katika siku alizoaga, hatayaacha mambo yake mengine, na hatamtangazia mtu kwamba wao ni wachumba. Pasaka ikifika atatazama mwelekeo, kama ukimya umefupika, kama kuaga kumekuwa mazoea, kama Mwalimu ameanza mwenyewe kutaja jambo lolote lililo mbele ya mwezi mmoja. Yakiwa yapo, anaweza kurudia lile la Kilosa, safari hii bila utani. Yasipokuwepo, amwambie kwa heshima kwamba anarudi nyuma, na amweleze kwa nini, ili mtu aliyewahi kuachwa kwa simu safari hii asiachwe bila maelezo.